Kusoma Jedwali la Nchi: Watazamaji wa Kiswahili Wako Wapi?

Katika YouTube Studio, chini ya takwimu za watazamaji, kila mwenye chaneli huona orodha ya nchi na asilimia mbele ya kila nchi. Kwa chaneli ya Kiswahili orodha hiyo huanza aghalabu na Tanzania au Kenya, kisha hufuata Marekani, Uganda, Kongo, Oman, Uingereza, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, kwa mpangilio unaobadilika mwezi hadi mwezi. Kando yake kuna orodha fupi zaidi, ya lugha za manukuu. Wengi huzisoma orodha hizi mbili kana kwamba ni sensa: huku wakazi, huku lugha zao. Lakini ya kwanza haihesabu wakazi, na ya pili haihesabu lugha wanazozungumza watu.

Nchi inayoandikwa katika jedwali hutokana na anwani ya IP, yaani namba ambayo mtandao humpa kila anayeingia. Kampuni ya simu au ya intaneti inamiliki kapu la namba hizo, na kapu hilo limesajiliwa katika nchi fulani. YouTube haimuulizi mtazamaji ni raia wa wapi wala anaishi wapi. Inaangalia namba aliyokuja nayo na kuiweka katika safu ya nchi yenye kapu lake. Pale mfumo unaposhindwa kabisa kuitambua nchi, data inayochukuliwa kwa njia ya programu huonyesha herufi `ZZ` mahali ambapo pangeandikwa `TZ`, `KE` au `CD`. Kwa kawaida `ZZ` huwa kidogo. Tatizo kubwa zaidi ni pale nchi inapoandikwa kwa uhakika, na kumbe siyo.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kuwa na makosa hayo. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na tangu hapo watu wengi wamezoea kuwasha VPN kwenye simu, nyingine zikibaki zimewashwa mchana kutwa. Tanzania nayo ilizuia baadhi ya mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na mtandao wa X ukafungwa Mei 2025, ingawa tangu Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imewataka wanaotumia VPN wajisajili. Katika Falme za Kiarabu sababu ni nyingine kabisa: simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa, hivyo mfanyakazi anayetaka kuzungumza na watoto wake Kilifi au Tabora huwasha VPN, na akimaliza kuzungumza huingia YouTube bila kuizima. VPN za bure hupitisha watu katika seva chache zilizoko Marekani, Uholanzi au Singapore. Mtazamaji wa Kampala anahesabiwa kuwa yuko Amsterdam, na yule wa Dubai anahesabiwa kuwa yuko Marekani.

Dalili ya hali hiyo inaonekana kwa anayeitafuta. Uholanzi au Singapore ikipanda ghafla katika chaneli ya Kiswahili, wakati huohuo Uganda au Tanzania ikishuka kwa kiasi kinachokaribiana, na wageni hao wapya wakawa wanatazama kwa simu tu, saa zilezile za jioni ya Afrika Mashariki, basi hakuna watazamaji wapya. Ni walewale, wamepita mlango mwingine. Mhamiaji wa kweli wa Ulaya hujionyesha kwa saa za Ulaya, na sehemu ya utazamaji wake huwa kwenye runinga au kompyuta.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mtu anayesafiri na laini yake ya nyumbani, akitumia data ya laini hiyo ughaibuni, mara nyingi hupitishwa kwanza katika mtandao wa kampuni yake ya nyumbani. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda Guangzhou au Dubai kwa wiki mbili anaweza kuendelea kusomeka kuwa yuko Tanzania. Idadi yao ni ndogo, haibadilishi sura ya jedwali.

Miji ina utata zaidi kuliko nchi. Studio inaweza kuonyesha miji, na ni rahisi kuamini kwamba Dar es Salaam ndiyo yenye watazamaji karibu wote wa Tanzania. Lakini mitandao ya simu huwatoa wateja wake kwenye intaneti kupitia vituo vichache, na simu iliyoko Kigoma au Mbeya inaweza kusomeka kwa mji ambao kituo hicho kimesajiliwa. Kwa anayetumia intaneti ya waya nyumbani, mji huwa wa kuaminika kiasi. Kwa anayetumia bando la simu, mji ni dokezo tu.

Zaidi ya hayo, takwimu za makundi madogo hufichwa. Kundi lisipofikia kiwango fulani cha watazamaji, YouTube haionyeshi data yake, kwa ajili ya kulinda faragha. Matokeo yake ni kwamba ukijumlisha safu za nchi mara nyingi hazifiki jumla iliyoandikwa juu, na kadiri unavyochuja zaidi, kwa nchi, kisha kwa chanzo, kisha kwa aina ya kifaa, ndivyo safu zinavyozidi kutoweka. Kwa chaneli ndogo, Burundi na Komoro huweza kutoonekana kabisa ilhali zina watu wanaofuatilia kila video. Safu tupu isisomwe kuwa sifuri.

Tuchukulie sasa kwamba nchi imeandikwa sawasawa. Bado haijasemwa lugha. Kongo ina lugha nne za taifa, na Kiswahili ni moja yao tu: kinatawala mashariki na kusini-mashariki, katika Kivu zote mbili, Maniema, Tanganyika na Katanga ya zamani hadi Lubumbashi, wakati Kinshasa ni mji wa Kilingala. Herufi `CD` zinachanganya pande hizo zote. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda likafanya uamuzi wa namna hiyo mwaka 2022, lakini lugha kuwa rasmi hakumfanyi mtu atazame video ya dakika kumi na mbili katika lugha hiyo. Burundi haikuhitaji sheria: katika mitaa kama Buyenzi mjini Bujumbura Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi.

Marekani ni safu inayopotosha kuliko zote. Ndani yake wamo Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma na kufanya kazi, wamo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaojifunza Kiswahili, na limo kundi kubwa ambalo wenye chaneli wa Dar es Salaam na Nairobi hulisahau: Wakongo wa mashariki waliopelekwa huko kama wakimbizi. Wengi wao waliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, na watoto wao wamekua wakizungumza Kiswahili cha kambini kabla ya kufika Kentucky, Texas au Iowa. Ukiwaongeza na wale wa VPN, safu moja ina watu wa aina tano.

Oman nayo ina angalau makundi mawili, na hapa takwimu zinaweza kuyatenganisha vizuri kuliko kwingine. Kundi la kwanza ni familia zenye asili ya Zanzibar na pwani, nyingi zikiwa zimehamia huko baada ya mapinduzi ya 1964, ambazo Kiswahili kimebaki lugha ya nyumbani hasa kwa wazee. Kundi la pili ni wafanyakazi wa majumbani na wa vibarua kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Ukichuja safu ya Oman kwa aina ya kifaa, familia huonekana zaidi kwenye runinga: muda mrefu kwa kila video, alasiri na baada ya Isha. Wafanyakazi huonekana kwenye simu, usiku sana, baada ya kazi kuisha, na muda wao hukatikakatika. Mgawanyo huu haumtambui mtu mmoja mmoja, na hautakiwi kufanya hivyo, lakini unatosha kueleza kwa nini video moja ya mapishi inapata wastani wa dakika saba Oman na nyingine ya vichekesho inapata mbili.

Namna ya kuyapima haya yote inaeleweka zaidi kwa mfano mmoja. Tuseme kuna chaneli ya mapishi inayotengenezwa Tanga, na video yake ya dakika kumi na mbili ina kichwa “Kisamvu cha nazi (sombe)”. Neno la pili limewekwa kwa sababu mwenye chaneli amesikia kwamba Wakongo huita majani ya muhogo sombe. Namba zinazofuata ni za mfano tu. Baada ya siku 28 video imetazamwa mara 10,000: Tanzania 5,200, Kenya 1,900, Marekani 900, Kongo 450, Oman 400. Hizo ni 8,850. Zilizobaki 1,150 zimetawanyika katika nchi ndogondogo au zimefichwa.

Kwa macho ya haraka, Marekani na Oman ni makombo. Picha inabadilika mara tu inapoongezwa safu ya muda wa wastani. Mtazamaji wa Tanzania amekaa dakika 3 na sekunde 10, wa Kenya dakika 2 na sekunde 50, wa Marekani dakika 5 na sekunde 40, wa Oman dakika 6 na sekunde 20, wa Kongo dakika 2 na sekunde 5. Ukizidisha, Kenya imetoa takriban dakika 5,400 za kutazama na Marekani 5,100, ingawa Kenya imetazama zaidi ya mara mbili. Oman imetoa dakika 2,500, Kongo 940, ingawa Kongo iko juu ya Oman katika orodha. Asilimia inayoonekana kwenye kadi ya mwanzo ya Studio haielezi hayo. Inabidi kuingia katika ukurasa mpana wa takwimu, kuchagua `Geography`, na kuweka safu za muda kando ya safu ya idadi.

Hapo ndipo wengi hukosea mara ya pili, kwa kusema kwamba Oman na Marekani wanaipenda chaneli kuliko Watanzania. Muda wa wastani unategemea sana namna ya kulipia intaneti. Anayetazama kwa bando la simu hutazama huku akiangalia salio. Akishajua kiasi cha nazi na muda wa kuchemsha, anatoka. Anayetazama kwa intaneti ya nyumbani kwenye runinga huiacha video iende hadi mwisho akiwa anakatakata vitunguu. Kwa hiyo kulinganisha nchi na nchi ni kulinganisha bei za intaneti. Kipimo cha haki ni kuilinganisha kila nchi na nafsi yake: katika video nyingine za chaneli hiyohiyo, zenye urefu unaokaribiana, watu wa nchi hii hukaa muda gani kwa kawaida?

Tuseme kawaida ya Tanzania katika chaneli hii ni dakika 3, Kenya 2 na sekunde 55, Marekani 5 na sekunde 35, Oman 6 na robo, na Kongo 2 na sekunde 55. Sasa jambo moja tu ndilo linalojitokeza. Nchi nne zimekaa kama kawaida yao, na Kongo imeshuka kwa sekunde 50. Zile dakika 6 za Oman, zilizoonekana kuwa habari kubwa, si habari. Kushuka kwa Kongo ndiko kunakostahili kuulizwa.

Hatua inayofuata ni kuichuja Kongo peke yake na kuangalia chanzo cha watazamaji. Kati ya mara 450, tuseme 300 zimetoka kwenye utafutaji, yaani watu waliandika maneno na kuletewa video. Kwa chaneli hii hilo si la kawaida, kwani sehemu kubwa ya watazamaji wake huletwa na ukurasa wa mwanzo na mapendekezo. Maneno yaliyoandikwa ndiyo ushahidi mkubwa wa lugha katika takwimu zote za chaneli, kwa sababu mtu ameyachagua mwenyewe, kwa tahajia yake, akiwa na haja yake. Hapa yanaonekana “sombe”, “sombe ya mawese”, na pengine sentensi ya Kifaransa inayouliza namna ya kupika sombe. Watu hawa walitaka majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, kama yanavyopikwa mashariki ya Kongo, pengine na samaki wakavu au karanga. Waliletewa sufuria ya tui. Walikaa dakika mbili, wakaona nazi inamiminwa, wakaondoka. Neno lililo kwenye kichwa lilifanya kazi yake vizuri. Mapishi ndiyo yaliyokuwa ya pwani.

Je, na Wakongo wa Marekani? Wastani wa Marekani haukuyumba, lakini wastani wa safu yenye watu wa aina tano unaweza kuficha mengi. Ukiichuja Marekani kwa utafutaji peke yake, tuseme zinapatikana mara 180 zenye wastani wa dakika 2 na sekunde 20, wakati mara 720 zilizobaki, za wanaofuatilia chaneli na wanaoletewa mapendekezo, zina wastani wa dakika 6 na nusu. Mchanganyiko wake ni zilezile dakika 5 na sekunde 40. Kundi lililokuja kwa neno sombe Marekani limefanya kama lilivyofanya Kongo, na lingebaki halionekani kama safu isingepasuliwa. Ni vema kusema pia kwamba 180 ni idadi ndogo. Mtu mmoja akituma kiungo katika kundi la WhatsApp la kanisa au la ukoo anaweza kuleta watu wengi kwa usiku mmoja, ingawa hao wangeonekana katika chanzo cha nje ya YouTube, si katika utafutaji. Busara ni kutoamua jambo kwa video moja. Safu yenye mamia machache isomwe kwa video tatu au nne za aina moja, na mwelekeo ukiwa uleule ndipo uaminike.

Kinachofuata katika chaneli ya mfano ni dhahiri: video ya sombe ya mawese, yenye kichwa hicho, na lile neno sombe liondolewe kwenye kichwa cha kisamvu cha nazi. Mafanikio yake yasipimwe kwa jumla ya waliotazama, kwa maana Watanzania wengi hawatavutiwa na mawese na jumla inaweza kuwa chini. Yapimwe kwa maswali mawili. Je, waliotoka kwenye utafutaji Kongo wamerudi kwenye dakika zao 2 na sekunde 55 au kuzipita? Na wale wa utafutaji Marekani wamepanda kutoka 2 na sekunde 20?

Orodha ya lugha za manukuu inahitaji uangalifu wa aina yake. Inaonyesha ni sehemu gani ya muda wa kutazama ilikuwa na manukuu yamewashwa, na ya lugha gani. Katika chaneli ya Kiswahili karibu muda wote huwa bila manukuu, jambo linalotarajiwa: anayeielewa lugha hana haja ya kuisoma. Kinachobaki, tuseme asilimia tatu yenye manukuu ya Kiingereza, kinaweza kuwa mambo tofauti kabisa kulingana na nchi. Kama asilimia hiyo imejikusanya Marekani na Uingereza, yaelekea ni watoto waliozaliwa huko, wakwe wasiojua Kiswahili, na wanafunzi wa lugha. Kama imejikusanya Tanzania na Kenya, huenda ni simu ambazo manukuu yake huwaka yenyewe, au watu wanaotazama bila sauti ndani ya daladala na matatu.

Orodha hii ina upofu mmoja mkubwa: haiwezi kuonyesha lugha ambayo haikuwepo. Video isiyo na manukuu yoyote haiwezi hata kutafsiriwa na mashine, kwa sababu tafsiri hiyo hutokana na manukuu yaliyopo. Hivyo mwenye chaneli anayesema “hakuna anayetaka Kifaransa, takwimu zinaonyesha sifuri” amesoma kutokuwepo kwa chakula kuwa ni kutokuwepo kwa njaa. Namna ya kujua ni kuweka manukuu ya Kifaransa katika video tatu hivi zinazopendwa Kongo na Burundi, kusubiri mwezi, kisha kuangalia kama muda wa kukaa wa nchi hizo umepanda katika video hizo tatu kuliko katika zile zisizowekwa. Muda wa kukaa una uzito kuliko asilimia ya manukuu yenyewe, kwani wengi huyawasha kwa dakika moja na kuyazima.

Mtego mwingine uko kwenye vichwa vya video vilivyotafsiriwa. YouTube humruhusu mwenye chaneli kuandika kichwa na maelezo kwa lugha zaidi ya moja, na mtazamaji huonyeshwa kile kinacholingana na lugha aliyowekewa kwenye mipangilio. Linaonekana kuwa wazo zuri: Kiswahili kwa nyumbani, Kiingereza kwa ughaibuni. Lakini simu nyingi sana za Tanzania na Kenya zimebaki katika Kiingereza, tangu siku zilipotolewa kwenye boksi, hata kama mwenye simu hazungumzi Kiingereza nyumbani. Chaneli inayoongeza kichwa cha Kiingereza kwa ajili ya Minnesota inaweza kujikuta inawaonyesha watu wa Morogoro kichwa cha Kiingereza, nao wakadhani ni video ya Kiingereza na kuipita. Dalili yake ni kwamba idadi ya walioonyeshwa picha ya jalada Tanzania inabaki ileile, lakini wanaobofya wanapungua, na upungufu unaanza siku tafsiri ilipowekwa. Ndiyo maana lugha ya simu ni kipimo dhaifu cha lugha ya mtu katika nchi hizi, na ripoti yoyote inayotegemea lugha ya kifaa, hata ya tovuti ya chaneli, itaonyesha Kiingereza kikubwa kuliko kilivyo.

Saa na tarehe huleta makosa madogo yenye kuudhi. Siku katika takwimu za YouTube hukatwa kwa saa za Pasifiki za Marekani. Usiku wa manane wa huko ni saa tano asubuhi Afrika Mashariki, au saa nne wakati wao wamesogeza saa mbele kwa majira ya joto. Video iliyowekwa Ijumaa saa mbili usiku Dar es Salaam itakuwa na “Ijumaa” inayoendelea hadi Jumamosi asubuhi, na anayelinganisha siku ya kwanza ya video ya usiku na ya video ya asubuhi analinganisha saa 15 na saa chache tu. Ni salama zaidi kulinganisha siku saba kwa siku saba.

Ile chati inayoonyesha saa ambazo watazamaji wako mtandaoni hutumia saa za mahali alipo mwenye chaneli, na hujumlisha nchi zote. Tanzania ikiwa nusu ya watazamaji, chati ni ya Tanzania. Saa mbili usiku ya Dar es Salaam ni saa moja jioni Goma, Lubumbashi na Kigali, saa tatu usiku Muscat, na saa kumi na moja jioni London wakati wa baridi. Minneapolis bado ni saa tano asubuhi, watu wako kazini. Kwa habari na mechi jambo hili lina uzito. Kwa mapishi halina sana, na YouTube yenyewe haidai kwamba saa ya kuweka video huamua mafanikio yake ya muda mrefu.

Ramadhani inastahili hesabu yake. Oman, Zanzibar na Mombasa hupanda kwa pamoja mwezi huo katika chaneli za mapishi, halafu hushuka baada ya Idi, na mwenye chaneli asiyejua hali hiyo huona “watazamaji wa Oman wanakimbia”. Kwa kuwa Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kulinganisha Machi na Machi hakufai. Ilinganishwe Ramadhani na Ramadhani iliyotangulia, kwa tarehe zake halisi.

Mwisho ni fedha, ambako jedwali la nchi hugusa mfuko moja kwa moja. Matangazo yanayoonyeshwa kwa mtazamaji wa Marekani au Uingereza hulipa zaidi kuliko ya Afrika Mashariki, hivyo nchi yenye asilimia tisa ya watazamaji inaweza kuleta sehemu kubwa zaidi ya mapato. Lakini tangu 2021 Google hukata kodi ya Marekani kwa mapato yanayotokana na watazamaji wa huko, hata kama mwenye chaneli anaishi Tanga. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo aliyejaza fomu za kodi hukatwa asilimia 30 ya mapato ya watazamaji wa Marekani peke yake. Asiyejaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yote, ya Tanzania na Oman yakiwemo. Kwa chaneli inayopata dola 1,000, ambazo 400 zimetoka Marekani, aliyejaza hukatwa 120 na asiyejaza 240. Na kwa chaneli ambayo Marekani inaleta dola 50 tu kati ya hizo 1,000, aliyejaza hukatwa 15, wakati asiyejaza bado anaweza kukatwa zilezile 240.